Kwa Benki Ambayo Mwaka Wake Una Miezi Kumi na Miwili ya Agosti

Mwenye Mashine ya Kusaga,
Kibaigwa, Wilaya ya Kongwa,
Dodoma.
14 Aprili 2026

Kwa Meneja wa Tawi,
Benki Inayonijali (kwa mujibu wa kalenda yenu iliyoko ukutani kwangu).

YAH: OMBI LA KUPANGIWA UPYA MAREJESHO YA MKOPO WA SHILINGI 20,000,000

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni yule mteja mnayemwita "mpendwa" kila mwisho wa mwezi, kwenye ujumbe wa simu unaoanza kwa mapenzi na kuishia kwa dalali. Nashukuru kwa kunikumbuka. Kaka yangu wa tumbo moja hupitisha mwaka mzima bila kunijulia hali, lakini ninyi Machi pekee mlinikumbuka hadi siku ya Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, nikiwa bado sijanawa uso.

Nawaandikia hadharani kwa sababu barua mbili nilizoleta kaunta zilipokelewa vizuri, zikagongwa muhuri, zikaingia mahali ambapo barua za wateja huenda kupumzika. Naamini hii mtaisoma, maana itasomwa na watu wengine kwanza.

Niruhusu nianze na sifa. Afisa mikopo wenu aliyekuja kukagua biashara yangu ni kijana hodari. Alifika Agosti 2024. Kama Mheshimiwa Meneja hajawahi kufika Kibaigwa mwezi wa nane, namweleza: soko letu la mahindi liko kandokando ya barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na msimu ule malori hupanga foleni hadi mtu asiye na haraka anakosa pa kupita. Mavuno yameingia, kila nyumba ina magunia, kila mama ana debe la kukoboa. Afisa alikuta watu wamejipanga kwenye banda langu tangu alfajiri. Akafungua daftari langu, akachukua Juni, Julai na Agosti, akajumlisha, akagawa kwa tatu. Akapata wastani wa madebe 1,500 kwa mwezi. Kisha akafanya jambo ambalo mimi, kwa elimu yangu ya darasa la saba, nisingethubutu: akazidisha kwa 12.

Kwa kalamu ile moja, Ndugu Meneja, kiangazi, masika na njaa ya Februari vyote vilifutwa katika Wilaya ya Kongwa. Mwaka wangu ukawa na miezi kumi na miwili ya Agosti.

Sasa niwape mwaka wenyewe, jinsi ulivyo kwenye daftari lile lile, kurasa ambazo kijana hakufika. Kukoboa na kusaga debe moja natoza shilingi 1,800. Umeme wa njia tatu unakula kama 600 katika hizo, kwa hiyo kila debe linaniachia 1,200. Kuanzia Juni hadi Novemba napata madebe yale 1,500 aliyoyaona. Ni shilingi 1,800,000 kwa mwezi. Humo natoa mshahara wa kijana wa mashine, kodi ya banda, leseni na kodi ya mapato, na vipuri, yaani mikanda, nyundo, beringi na nyavu za kuchekechea, jumla 460,000. Natoa 300,000 za nyumbani, maana na sisi tunakula, ingawa fomu yenu haikuwa na kisanduku cha jambo hilo. Zinabaki 1,040,000. Rejesho lenu ni 723,048. Mtu yeyote angekopesha. Hata mimi ningejikopesha.

Kuanzia Desemba hadi Mei hadithi ni nyingine. Mahindi yaliyokuwa ghalani yameshauzwa Agosti kulipia ada na madeni ya mbolea. Yaliyobaki yanapimwa kwa kikombe. Watu wananunua unga wa kilo moja moja dukani, na unga huo umesagwa mjini, si kwangu. Napata madebe 700, na siku nyingine mashine inakaa kimya mpaka mbuzi wanaingia kulala bandani. Madebe 700 ni shilingi 840,000. Ukitoa matumizi yale yale, ambayo hayajui kuwa msimu umebadilika, zinabaki 80,000.

Rejesho bado ni 723,048.

Mkitaka kuona tatizo lote kwa mstari mmoja, ni hili: miezi sita ya 1,040,000 na miezi sita ya 80,000 ni shilingi 6,720,000 kwa mwaka. Marejesho yenu kumi na mawili ni shilingi 8,676,576. Pengo ni 1,956,576 kila mwaka, na lilikuwepo kabla sijaweka saini. Halikuletwa na ulevi wala mke wa pili, wala ukosefu wa ile "nidhamu ya fedha" ambayo afisa wa makusanyo alinihubiria kwa simu kwa dakika kumi na moja, kwa gharama yake, namshukuru.

Mtauliza basi niliwezaje kulipa marejesho kumi na manne bila kukosa hata moja. Swali zuri, na najua hakuna aliyeuliza, kwa sababu mtu akilipa benki haijali analipa kwa kitu gani. Nililipa kwa ng'ombe wawili. Nililipa kwa fungu la mke wangu kwenye vikoba. Nililipa kwa sehemu ya mkopo wenyewe niliyokuwa nimeitenga kumalizia sakafu ya banda, yaani nilichukua hela yenu nikawarudishia pamoja na riba, na kwenye kompyuta yenu nikaonekana mteja bora. Ulipofika Februari ng'ombe wakaisha. Kompyuta ikashtuka sana.

Na tusisahau kwamba maombi ya Agosti yalizaa fedha mwezi Novemba. Mthamini, mwanasheria, muhuri wa serikali ya kijiji, picha za pasipoti, picha nyingine za pasipoti. Hela zilipoingia, wateja wa msimu walikuwa wanaondoka, na rejesho la kwanza likaangukia Desemba, mwezi wa kwanza wa ukame. Kama mngetaka kunipangia tarehe mbaya kwa makusudi msingepata nzuri kuliko hiyo.

Nije kwenye salio. Mkopo ulikuwa wa miezi 36, riba asilimia 18 kwa mwaka kwa salio linalopungua, ambayo ni asilimia moja na nusu kwa mwezi. Baada ya rejesho la Januari 2026 nilibakiza 13,463,747. Sikulipa Februari na Machi, riba ya miezi hiyo miwili ikaongezeka, deni likawa 13,870,689. Juu yake mmeweka adhabu ya asilimia 5 ya kila rejesho lililochelewa, jumla 72,304. Hesabu hii nimeifanya kwa kikokotoo cha simu na binti yangu wa kidato cha tatu ameihakiki. Kama yenu ni tofauti, naomba mchanganuo kwa maandishi, mstari kwa mstari. Msinitumie ile karatasi yenye neno "nyinginezo".

Riba hiyo silalamikii. Julai 2025 Benki Kuu ilishusha riba yake kutoka asilimia 6 hadi 5.75, na wastani wa riba za mikopo nchini ulikuwa ukizunguka kwenye asilimia 15. Nadhani taarifa ilipofika njia panda ya tawi lenu ilikosa usafiri. Nasema tu mjue kwamba nasikiliza redio.

Nilipokuja tawini Machi, mlinipa masuluhisho mawili, na kwa heshima naomba niyajibu.

La kwanza lilikuwa kwamba maombi ya kupangiwa upya yatapokelewa pindi nitakapolipa malimbikizo yote pamoja na adhabu, yaani kama shilingi milioni moja na nusu. Nimelitafakari. Ili nithibitishe kuwa sina hela, nilete hela. Nikizipata nitawaletea, ila siku hiyo sitakuwa na haja ya kuomba chochote.

La pili ndilo linalonitisha zaidi, kwa sababu lilisemwa kwa tabasamu: nichukue nyongeza. Mkopo mpya wa milioni 16 ufute wa zamani, miaka mitatu ianze upya, "na utabaki na kitu mkononi, mzee." Nikaenda kuupima nyumbani. Deni la sasa na adhabu ni 13,942,993. Ada ya maombi na bima, asilimia 3, ni 480,000. Mkononi nabaki na 1,577,007, ambazo zinatosha kumfanya mtu ajisikie tajiri kwa miezi miwili. Rejesho jipya ni 578,438 kila mwezi, Agosti na Februari sawasawa, au 6,941,256 kwa mwaka. Biashara inazalisha 6,720,000. Kwa hiyo mngenitoa kwenye shimo na kuniweka kwenye shimo lenye kina kidogo kuliko la kwanza, nikalipie na kiingilio. Wateja wangapi hapa Kibaigwa wanaishi kwa nyongeza juu ya nyongeza, na kwenye vitabu vyenu wote ni wazima?

Ombi langu ni hili. Malimbikizo yaingizwe kwenye salio, yaani tuanzie 13,870,689, riba ibaki ile ile asilimia 18. Msinipunguzie hata senti ya deni. Nibadilishieni kalenda tu: kuanzia Desemba hadi Mei nilipe 210,000 kwa mwezi, na kuanzia Juni hadi Novemba nilipe 650,000.

Namba hizo sikuziokota. Kwanza, kwa nini 210,000 wakati nimesema miezi hiyo inabakiza 80,000? Kwa sababu riba ya mwezi mmoja kwa salio la leo ni 208,060. Nikilipa chini ya hapo, deni litakua huku nalipa, na mpango wa namna hiyo hata mimi ningeukataa kama ningekuwa nimekaa upande wenu wa meza. Kwa hiyo 210,000 ndiyo sakafu. Upungufu wa 130,000 kila mwezi wa ukame nitautoa kwenye akiba ya msimu, na msimu una akiba: 1,040,000 ukitoa 650,000 zinabaki 390,000 kwa mwezi, au 2,340,000 kwa miezi sita. Ukame ukichukua 780,000 humo, nabaki na 1,560,000 kwa mwaka.

Najua afisa wenu ataiona hiyo 1,560,000 na mate yatamtoka. Ataandika pembeni: "Mteja ana uwezo zaidi." Naomba aambiwe kwamba mota ya njia tatu ikiungua, na huku kwetu umeme ukicheza huungua, haisubiri kikao cha kamati ya mikopo. Fundi wa kusuka mota anataka hela taslimu, na kila siku banda linapokuwa limefungwa wateja wangu wanazoea mashine ya jirani. Marejesho yangu yakila mpaka hela ya mota, siku mota inapokufa mkopo unakufa nayo. Fungu hilo ndilo linalolinda hela yenu, kuliko hata hati ya nyumba yangu.

Pili, je, deni linaisha? Linaisha. Tukianza mwisho wa mwezi huu kwa 210,000, salio litasogea kwa uvivu hadi Mei, kisha litashuka kwa kishindo kila msimu. Novemba mwaka huu litakuwa kama 11,113,000. Novemba 2027 kama 7,808,000, na Novemba 2028 kama 3,855,000. Oktoba 2029 nalipa rejesho la mwisho la kama 433,000 na kuchukua hati yangu. Hayo ni marejesho 43 badala ya 20 yaliyokuwa yamebaki kwenye mkataba. Yote kwa pamoja ni shilingi 18,933,000 na ushee.

Hapa ndipo nilipotegemea mtanikimbilia kwa mikono miwili. Kwa mpango wa awali, riba iliyokuwa imebaki kuanzia Februari ilikuwa 2,443,309. Kwa mpango wangu, mtapata zaidi ya 5,469,000. Nawaongezea milioni 3 za riba kwa kosa lenu la kuzidisha kwa 12. Sijui kama mmewahi kukosea mahali pengine mkalipwa vizuri hivyo. Sihitaji asante. Futeni tu ile adhabu ya 72,304, isiyotosha hata semina moja ya huduma kwa wateja.

Lakini labda mnapenda mnada. Kuna watu wa namna hiyo, wanaona mnada ni uamuzi wa kiume. Basi tuupime nao. Nyumba niliyoweka rehani mthamini wenu aliiandikia milioni 28, na bei ya kuuza kwa haraka milioni 21. Karatasi inavumilia. Kwanza, Sheria ya Ardhi inawataka mnipe notisi ya siku 60 ya kukiuka masharti ya rehani. Kisha aje dalali na notisi yake, tangazo la gazeti, gari la kipaza sauti, na wanasheria, kila mmoja akikata kipande chake. Halafu siku yenyewe ifike, dalali asimame mbele ya nyumba yangu na kutaja bei, na watu wa Kibaigwa watazame miguu yao. Huku kwetu kununua nyumba ya jirani kwenye mnada ni kununua uadui wa ukoo mzima, na kisima mnachota kimoja. Atakayenunua atatoka mbali, na anayetoka mbali huja na bei ya mbali. Mashine nayo mkiing'oa mtapata chuma cha kupima kwa kilo. Ilipofungwa inakoboa madebe, ikipakiwa kwenye lori ni skrepa.

Zaidi ya hapo kuna jambo ambalo kwa kawaida hamtuambii sisi wateja, lakini nina mpwa aliyesoma uhasibu. Rejesho la kwanza nililokosa lilikuwa la 28 Februari. Siku 90 zitatimia 29 Mei. Siku hiyo mkopo wangu utahama na kuingia kwenye kundi la mikopo chechefu. Hapo mtalazimika kutenga fedha za hasara kwa ajili yangu na kunihesabu kwenye ule uwiano ambao Benki Kuu inataka usizidi asilimia 5, na jina langu litawekwa alama kwenye taarifa za wakopaji ili hata anayeuza mbolea kwa mkopo aniogope. Tazameni tarehe hiyo vizuri. Ni mwisho wa Mei. Gari la kwanza la mahindi mapya linaingia Kibaigwa Juni. Mtanitangaza maiti siku chache kabla sijaanza kupata tena madebe 1,500 kwa mwezi, halafu notisi ya siku 60 itaisha karibu na foleni ile ile ya mwezi wa nane iliyomfurahisha kijana wenu.

Wala siombi kitu cha ajabu. Mwaka 2020, corona ilipobana biashara, Benki Kuu yenyewe iliruhusu mabenki kuwapangia upya wakopaji walioathirika, na mabenki hayakuanguka. Njaa ya Februari si ugonjwa mpya; inakuja kila mwaka, kila mkulima anaijua, ni fomu yenu peke yake ambayo haijaambiwa.

Hivyo naomba mambo matatu tu. Mkataba wa nyongeza wenye jedwali la marejesho kama nilivyoeleza, kila mwezi na kiasi chake, nisome kabla ya kusaini na siyo baada. Adhabu ifutwe. Na jibu liwe la maandishi, "ndiyo" au "hapana" pamoja na sababu, mezani kwangu kabla ya 29 Mei. "Linashughulikiwa" halitakuwa jibu. Likija hilo, nitapeleka malalamiko yangu kwenye dawati la Benki Kuu, nikiambatisha barua zangu mbili zenye muhuri wenu mzuri wa kupokea.

Shilingi 210,000 za Aprili ziko tayari. Nitazileta tawini tarehe 30, saa tatu asubuhi, na nitaomba risiti.

Wenu mtiifu katika marejesho,

Mwenye Mashine.

Nakala kwa:
Afisa Mikopo, aliyekuja Agosti. Anakaribishwa tena, safari hii Februari.
Mke wangu, ambaye bila saini yake ya ridhaa rehani yenu isingekuwepo, na ambaye ameisoma barua hii na kusema ni ya upole mno.